Kongelateri niliyoletewa si ile ya kwenye picha, na stabilizateri haikufika kabisa

*Mshauri mpendwa,*

*Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi, na nyumbani ninauza samaki tomsoni na maji ya barafu ili kuongezea mshahara. Mwezi wa tano niliona kwenye ukurasa mmoja wa Facebook kongelateri mpya, nyeupe, ya lita 200, kwa dola 320, na stabilizateri ya kulinda umeme kwa dola 60. Tuliongea kwa WhatsApp, nikatuma dola 200 kwa simu, na salio la dola 180 nikampa kijana aliyeleta mzigo kwa pikipiki ya magurudumu matatu, pamoja na dola 15 za usafiri. Umeme ulikuwa umekatika, katoni ilikuwa imefungwa, kijana alikuwa na haraka, nikatia sahihi kwenye karatasi yake.*

*Jioni tulipofungua tulikuta kongelateri ndogo, kuukuu, iliyopakwa rangi upya. Kwenye kibati cha nyuma pameandikwa 95 L na R12. Umeme uliporudi niliwasha, haikugandisha, na katoni moja ya samaki ikaoza. Stabilizateri haikuwemo. Kwa wiki mbili muuzaji aliniambia «itakuja kesho», kisha akaniandikia kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi, akanifungia namba yangu. Mume wangu anasema nimwachie Mungu. Dada yangu anasema niweke picha ya mtu huyo Facebook watu wamjue. Je, nina haki gani, na nianzie wapi?*

*Mama Mwalimu, Katuba*

---

Mama Mwalimu,

Nianze na ile sentensi ya muuzaji, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wengi wa mji huu wakate tamaa kabla hata ya kusimama. Maneno «bidhaa ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi» yanabandikwa ukutani katika maduka mengi na kuandikwa chini ya risiti, na yana maana pale tu mnunuzi alipopata kile alichokinunua kisha akabadili mawazo: rangi haikumpendeza, au amegundua kwamba mlango wa nyumba ni mwembamba. Hayawezi kumlinda muuzaji ambaye hakukabidhi kile alichokiuza. Mikataba nchini mwetu inatawaliwa bado na Amri ya tarehe 30 Julai 1888, na kifungu chake cha 33 kinasema kwamba mapatano yaliyofanyika kihalali ni sheria kwa wale walioyafanya. Mapatano yenu yalikuwa kongelateri mpya ya lita 200 na stabilizateri moja, kwa dola 380. Hiyo ndiyo sheria kati yenu wawili, na yeye ndiye aliyeivunja. Kifungu cha 82 cha Amri hiyo hiyo kinampa upande ambao haukutimiziwa ahadi haki ya kuchagua: kumlazimisha mwenzake atimize ikiwa bado inawezekana, au kuomba mkataba uvunjwe na kulipwa fidia.

Katika shauri lako kuna madai mawili ndani ya ununuzi mmoja, na nakuomba uyatenganishe tangu leo, maana yanathibitishwa kwa njia mbili tofauti. Stabilizateri ni kitu ambacho hakikufika. Hapo wewe huna kazi ya kuthibitisha ubaya wa chochote. Unaonyesha tu kwamba mlikubaliana na kwamba ulilipa, na ni juu ya muuzaji kuonyesha kwamba alikabidhi. Kongelateri ni kitu kilichofika lakini si kile mlichokubaliana. Hapo kazi ya kuonyesha tofauti ni yako, na kwa bahati njema ushahidi mkubwa kuliko wote umeugusa mwenyewe bila kujua uzito wake.

Ushahidi huo ni kile kibati cha nyuma. Kiwanda hukibandika ili kueleza chombo ni nini: ujazo kwa lita, nguvu ya umeme, na aina ya gesi inayozunguka ndani ya mabomba. Lita 95 badala ya 200 si jambo la maoni. Ni chini ya nusu ya chombo ulicholipia. R12 inasema zaidi ya hapo. Ni gesi ya zamani iliyopigwa marufuku na Itifaki ya Montreal kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni, na hata nchi zinazoendelea zilipewa mwisho wa tarehe 1 Januari 2010 kuacha kuitumia katika uzalishaji. Kongelateri za leo hutumia R600a au R134a. Kwa hiyo chombo chenye kibati cha R12 hakiwezi kuwa kipya, hata kikipakwa rangi mara 10, na hakuna hakimu anayehitaji kuwa fundi wa baridi ili alielewe hilo. Kipige kibati hicho picha kwa karibu hadi maandishi yasomeke, kisha kipige tena kwa mbali ili kionekane kikiwa juu ya kongelateri yenyewe, nayo iwe ndani ya nyumba yako. Pima kwa futi ya fundi urefu, upana na kina, na uandike vipimo. Piga picha mahali ambapo rangi imepita juu ya vichwa vya skurubu na juu ya mpira wa mlango, kwa maana kiwandani hawapaki rangi juu ya mpira.

Baada ya hapo, usiitumie tena. Najua unaihitaji, na najua samaki hawangoji mahakama, lakini kila siku unayoitumia inampa muuzaji neno la kusema: kwamba uliikubali, au kwamba ni wewe uliyeiharibu kwa umeme usiotulia. Usimwite fundi aifungue mashine wala kuongeza gesi. Fundi anaweza kuja kuitazama mbele ya jirani mmoja au wawili, akaandika kwa mkono wake alichokiona, tarehe, jina lake na sahihi. Karatasi hiyo moja, hata ikiandikwa kwenye daftari la mwanafunzi, ina nguvu kuliko maneno mengi utakayoyasema miezi mitatu baadaye.

Sahihi uliyotia kwenye karatasi ya kijana isikutie hofu kupita kiasi, ingawa siwezi kukuambia kwamba si kitu. Sheria inasema muuzaji hawajibiki kwa kasoro zilizo wazi, ambazo mnunuzi angeweza kuziona mwenyewe. Kama kongelateri ingeletwa bila katoni, mchana, ukaitazama ukalipa, ningekuwa na wasiwasi. Lakini ulitia sahihi kwamba katoni imefika, na katoni ilikuwa imefungwa. Ndiyo maana ni muhimu kuihifadhi katoni, pamoja na utepe uliokatwa. Hasa kama juu yake kumechapwa ujazo wa lita 200 au chapa nyingine isiyolingana na kilichomo, katoni hiyo inaonyesha kwamba mtu alikitia chombo cha zamani ndani ya sanduku la kipya, na jambo hilo halitokei kwa bahati mbaya.

Sasa tuje kwenye simu yako, ambako nusu ya pili ya ushahidi imelala na inaweza kupotea usiku mmoja. Kukuzuia hakufuti mazungumzo yaliyoko upande wako, lakini simu ikiibiwa au ikianguka majini, yamekwisha. Ingia kwenye mazungumzo ya WhatsApp, utafute `Exporter la discussion`, ujitumie nakala pamoja na picha zake kwenye barua pepe yako au kwa mtu unayemwamini. Piga pia picha za skrini zinazoonyesha namba yake kamili juu, siyo jina ulilomwandika wewe. Tangazo lenyewe lipige picha likiwa bado lipo, na unakili anwani ndefu ya ukurasa, kwa sababu jina la ukurasa hubadilishwa kirahisi. Kama akaunti yako imezuiwa, mwombe dada yako aufungue kwa simu yake. Hiyo ndiyo kazi nzuri anayoweza kukufanyia Facebook kuliko ile anayoipendekeza. Ndani ya ukurasa kuna sehemu iitwayo `Transparence de la Page`, nayo huonyesha ukurasa uliundwa lini na umewahi kubadili jina mara ngapi. Ukurasa wa miezi miwili uliobadili jina mara tatu unajieleza wenyewe. Halafu chukua ile picha ya kongelateri ya lita 200 uitafute kwa `Google Lens`. Ikitokea kwenye tovuti ya duka la nchi nyingine, iliyowekwa miaka kabla ya tangazo lako, hapo umeonyesha kwamba muuzaji hakuwahi kuwa na kitu alichokitangaza.

Kuhusu thamani ya maandishi haya mbele ya mahakama, watu wangali wanaambiwa kwamba bila karatasi yenye muhuri hakuna kesi. Hilo limepitwa na wakati. Kanuni ya Dijitali, yaani Amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inakubali maandishi ya kielektroniki kuwa ushahidi, mradi aliyeyaandika aweze kutambulika na yawe yamehifadhiwa bila kuguswa. Sharti la kwanza kati ya hayo ndilo gumu kwako, maana unaijua namba, unalijua jina la ukurasa, lakini mtu mwenyewe humjui.

Njia mbili zitakufikisha kwake. Ya kwanza ni ujumbe wa kuthibitisha zile dola 200. Kampuni za pesa kwa simu huandika katika ujumbe huo namba ya muamala pamoja na jina ambalo mpokeaji ameandikishwa nalo. Litazame jina hilo, ulilinganishe na jina alilojitambulisha nalo. Yakitofautiana, usione kwamba umekwama. Hiyo yenyewe ni dalili ya jina la uongo, na utaona punde kwa nini ina maana. Nenda na kitambulisho chako kwenye ofisi ya kampuni ya simu, si kwa wakala wa barabarani, uombe taarifa ya muamala iliyochapwa. Pesa zenyewe usitegemee kwamba watakurudishia. Mtu aliyekosea namba anaweza kusaidiwa kama fedha bado zimo kwenye akaunti, lakini wewe ulituma kwa hiari kwa namba uliyoitaka, na kampuni haina mamlaka ya kuamua ni nani kati yenu anayesema kweli. Wala haitakupa anwani ya mteja wake. Itampa afisa wa upelelezi au wa parke, yaani ofisi ya Mwendesha Mashtaka, atakayeiomba kwa maandishi.

Njia ya pili ni yule kijana wa pikipiki, na kwa maoni yangu ndiye mtu wa thamani kuliko wote katika shauri hili. Alipakia mzigo mahali fulani. Alipeleka dola zako 180 kwa mtu fulani. Mtafute kwa upole, bila kumtuhumu, kwa sababu mara nyingi vijana hawa hukodiwa kwa safari moja tu na hawajui kilichomo ndani ya katoni. Muulize alipakia wapi, nani alimpa, na alimkabidhi nani fedha. Akikubali, aandike na kutia sahihi. Niliwahi kumsaidia fundi cherehani aliyenunua mashine kwa njia hii, na namba ya muuzaji ilikuwa imeandikishwa kwa jina la bibi wa kijijini asiyejua lolote. Dereva ndiye aliyetuonyesha bohari na mlango wake. Zaidi ya hayo, zile dola 180 ulizitoa mkononi, na bila kijana huyo, au ujumbe ambamo muuzaji anakiri kuzipokea, utakuwa na shida ya kuthibitisha kwamba zilimfikia. Pekua mazungumzo yenu ya jioni ile, kwa maana muuzaji huwa anaandika «nimepata, asante» kabla mteja hajafungua katoni.

Ukishayakusanya hayo, mwandikie barua ya mwisho ya kudai. Usiruke hatua hii hata kama una hakika kwamba hatajibu, kwa sababu hakimu atakuuliza ulimtaka lini atimize wajibu wake, na barua ndiyo jibu. Itume kwa namba yake kutoka simu nyingine, itume kwa ukurasa wake, na ikiwa umeshapata mahali alipo, ipeleke kwa mkono ukiwa na shahidi au kwa njia ya hisiye wa mahakama. Isiwe na matusi wala vitisho. Inaweza kusomeka hivi:

«Tarehe fulani ya mwezi wa tano ulinitangazia na kuniuzia kongelateri mpya ya lita 200 na stabilizateri moja kwa dola 380, ambazo nimezilipa zote, dola 200 kwa muamala wenye namba hii na dola 180 mkononi mwa msafirishaji wako. Umeniletea kongelateri iliyotumika, ya lita 95, isiyogandisha, na stabilizateri hujaileta. Siikubali kongelateri hiyo. Nakutaka unirudishie dola 380 pamoja na dola 15 za usafiri ndani ya siku 8 tangu kupokea barua hii, na uje uchukue chombo chako siku hiyo hiyo ya malipo. Muda huo ukipita, nitapeleka shauri kwenye vyombo vya sheria.»

Utaona kwamba sikutia samaki walioharibika. Unaweza kuwadai baadaye kama fidia, na utafanya vizuri kuitunza risiti ya katoni ile kama unayo, lakini muuzaji atabisha kwamba ulitia samaki ndani ya chombo ulichokwisha kukitilia shaka, na sipendi dai lako imara la dola 395 liburutwe na dai dhaifu. Kuna pia uchaguzi ambao sheria ya kasoro zilizofichika inauruhusu: kubaki na chombo na kurudishiwa sehemu ya bei. Kama sokoni kongelateri kuukuu ya lita 95 inayofanya kazi ni dola 90, ungedai tofauti ya dola 230 kwa kongelateri na dola 60 za stabilizateri, yaani 290. Lakini yako haigandishi, na kuitengeneza kunahitaji gesi isiyoruhusiwa tena. Nakushauri usiikubali njia hiyo hata akikupigia simu kwa sauti tamu. Na vyovyote uchaguavyo, fanya haraka, kwa sababu madai ya kasoro zilizofichika sheria inataka yapelekwe katika muda mfupi.

Siku 8 zikipita kimya, utakuwa mbele ya njia panda ya shauri la madai na shauri la jinai. Mahakama ya Amani, ile tunayoiita Tripe, husikiliza madai yasiyozidi franka 2 500 000 za Kongo, na dola 395 haifiki hapo. Ikiwa muuzaji ni mfanyabiashara aliyeandikishwa, karani anaweza kukuelekeza kwenye Mahakama ya Biashara, ambayo Lubumbashi inayo. Tatizo la njia ya madai ni kwamba inataka umwite mtu kwa jina na anwani yake, na gharama za kuanza ni zako. Kama kijana wa pikipiki amekuonyesha mlango, njia hiyo ipo wazi. Kama hujui muuzaji analala wapi, anzia kwenye jinai, kwa sababu huko mpelelezi ndiye mwenye uwezo wa kuiandikia kampuni ya simu.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea, hivyo nisikilize kwa makini. Ukienda kwa OPJ, yaani afisa wa polisi wa upelelezi, ukasema tu «nimelipa na sikuletewa kitu», anaweza kukujibu kwamba hilo ni deni na si kosa la jinai, na hatakuwa amekosea. Kutotimiza mkataba peke yake hakumfanyi mtu kuwa mhalifu. Lakini Kanuni yetu ya Adhabu ya mwaka 1940 ina vifungu viwili vinavyokuhusu. Kifungu cha 99 kinamwadhibu, kwa kifungo kisichozidi mwaka 1 na faini au mojawapo ya hizo, yule aliyemdanganya mnunuzi kwa kumkabidhi kwa hila kitu kingine tofauti na kile mlichopatana, au kitu kinachofanana kwa sura lakini kinachomkosesha jambo kuu alilolitafuta. Nikisoma maneno hayo naona kongelateri yako: ile rangi mpya, ile katoni mpya, na ndani yake chombo kisichogandisha. Kifungu cha 98 kinahusu utapeli, adhabu yake ikiwa miezi 3 hadi miaka 5, na kinataka zaidi ya ahadi iliyovunjwa: kinataka jina la uongo, sifa ya uongo, au ujanja uliotumika kukufanya uamini biashara isiyokuwepo. Hapo ndipo linapoingia lile jina lisilolingana kwenye ujumbe wa pesa, na ile picha iliyochukuliwa kwa watu wengine. Kwa hiyo malalamiko yako yaeleze mambo hayo kwa jina lake, moja moja, na kuambatanisha uthibitisho wa kila moja.

Unaweza kuyapeleka kwa OPJ wa polisi au moja kwa moja parke, kwa Mwendesha Mashtaka. Mimi hupendelea parke kwa barua, nakala mbili, moja ikibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Kama unamjua mtu na anwani yake, sheria inakuruhusu pia kumpeleka mwenyewe mbele ya Mahakama ya Amani kwa mashtaka ya moja kwa moja bila kungoja parke, na katika shauri hilo hilo la jinai ukaomba urudishiwe fedha zako na fidia. Usichelewe. Kosa ambalo adhabu yake ya juu haizidi mwaka 1, kama lile la kifungu cha 99, haliwezi kushtakiwa tena mwaka 1 ukishapita tangu litendeke, na la utapeli baada ya miaka 3. Maelezo yako yataandikwa kwa Kifaransa. Dai usomewe kwa Kiswahili neno kwa neno kabla ya kutia sahihi, na lita zikiwa zimeandikwa vibaya, zirekebishwe pale pale.

Sitakuficha mipaka ya njia hii. Kumkamata mtu si kulipwa. Pesa ulizotuma kwa simu huenda zilitolewa dakika 10 baada ya kuingia, na hakuna anayeweza kuzizuia tena. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba muuzaji, akishaitwa, anakuja mpole na kuomba kulipa kidogo kidogo. Ukikubali, makubaliano yaandikwe: kiasi, tarehe, sahihi za wote wawili, mbele ya aliyewaita. Usiandike popote kwamba umeondoa malalamiko mpaka dola ya mwisho iwe mkononi mwako, na usitoe kongelateri ile kabla ya hapo, kwa sababu ndiyo shahidi wako asiyesahau. Kitu na fedha vipishane mlangoni kwa wakati mmoja, na mwandikiane kwamba vimepishana. Akijitokeza mtu mwingine kwenye mtandao akisema anaweza kukurudishia fedha zako ukimtumia dola 20 za kuanzia, huyo ni mwizi wa pili.

Kuhusu mawazo ya nyumbani, mume wako nampa heshima yake, lakini amani anayoitaka haizuii barua moja na safari moja ya parke. Dada yako ndiye ningemzuia kabisa. Kumtangaza mtu kwa picha na jina kwamba ni mwizi, kabla mahakama haijasema, kunaweza kukufanya wewe uwe mshtakiwa wa kumchafulia mtu jina, na ndilo jambo la kwanza wakili wake atalishika ili mfutiane mashauri bila wewe kulipwa. Pia kunamwamsha: atafuta ukurasa, atatupa kadi ya simu, na kijana wa pikipiki ataambiwa asikujue.

Basi wiki hii anza na kijana huyo, kwa maana kumbukumbu yake ndiyo inayopotea upesi, kisha taarifa ya muamala, kisha barua ya siku 8. Ukienda parke, beba nakala za kila kitu na ubaki na za asili nyumbani; kongelateri usiibebe, picha zinatosha mpaka watakapotaka kuja kuiona. Malalamiko yakishafunguliwa jalada, uliza namba ya RMP, yaani namba ya jalada lako pale parke, na uiandike ndani ya daftari lako, kwa sababu ukirudi kuulizia bila namba hiyo utaambiwa uje kesho, na neno hilo umeshalisikia wiki mbili nzima.